Kusoma Ukuta wa Shimo: Udongo wa Juu, Mfinyanzi na Mawe katika Picha Moja

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakulima wa bustani za nyumbani, Machakos, kabla ya mvua za vuli.

Kila mmoja wenu amepewa nakala ya picha moja, na ningependa tuitazame pamoja. Ni picha ya ukuta wa shimo lililochimbwa katika ploti ya futi 50 kwa 100, hapa hapa kwetu, pembeni mwa mji. Kazi yangu ni kupiga picha na kuandika. Kuhusu udongo nimejifunza kwa maafisa wa kilimo wa wadi, niliofuatana nao mashimoni kwa miaka kadhaa. Leo nitawaeleza tunavyoisoma picha kama hii, na jinsi ilivyomzuia mwenye ploti kutumia pesa zake vibaya.

Mwenye ploti hiyo analima sukuma wiki na mchicha, na alitaka pia kupanda miparachichi minne. Mboga zake zilikuwa zikinyauka siku ya nne au ya tano baada ya mvua, ilhali za jirani zilikuwa bado zimesimama. Alipochimba shimo la mparachichi wa kwanza, alikuta mawe kwenye kina cha nusu mita hivi. Akaamua kwamba adui yake ni mawe. Fundi alimshauri atoe mawe yote kwa sururu na mtaimbo, kisha anunue udongo mwekundu lori mbili ajazie. Kabla ya kulipa, alimwita afisa wa kilimo wa wadi, nasi tukaenda na tepu ya kupimia na kamera.

Tazameni picha yenu. Tepu imening'inizwa ukutani, na sifuri yake iko sawa na uso wa ardhi. Shimo lina kina cha mita 1. Kuanzia juu mpaka sentimita 17 mnaona udongo wa kahawia iliyokoza, wenye chembechembe kama unga wa mtama uliosagwa vibaya. Umejaa vijizizi vyembamba kama nywele. Huo ndio udongo wa juu, ule unaokula samadi na majani yaliyooza kila msimu.

Kuanzia 17 mpaka 26, rangi inapauka kidogo tu, na wengi wenu mngeipita bila kusimama. Lakini angalieni umbo lake. Udongo huo umelala kama chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine, na hauna vitundu. Sasa fuateni mzizi mmoja wa sukuma wiki kutoka juu. Unashuka wima mpaka sentimita 17, halafu unapinda na kutambaa kwa ubavu kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Mizizi mingine iliyo karibu nao imefanya vivyo hivyo, yote katika kina kimoja.

Kuanzia 26 mpaka 52 ni mfinyanzi mwekundu. Umekatika vipande vyenye pembe, kama matofali madogo yaliyobanana, na vipande hivyo vina nyuso laini zinazong'aa kidogo. Kisha kuanzia 52 mpaka 66 yako mawe: meupe, magumu, yenye makali, mengine kama punje ya mahindi na mengine kama ngumi. Katikati ya mawe mna mfinyanzi ule ule mwekundu. Chini yake mpaka mwisho wa shimo ni mwamba uliooza, wenye rangi ya chungwa na madoa meupe, laini kiasi kwamba kisu kinaukata.

Swali la mkulima lilikuwa: je, mawe haya yanaua mboga zangu? Jibu liko kwenye picha, na halihitaji maabara. Mizizi ya mboga ilisimama sentimita 17. Mawe yanaanza sentimita 52. Kitu kilicho chini ya mahali ulipogeuka hakiwezi kuwa ndicho kilichougeuza. Kwa hiyo, mnaposoma picha ya shimo, msianze na rangi wala mawe, ingawa hivyo ndivyo vinavyovuta macho. Anzeni na mizizi. Tafuteni inapopinda, inapokonda au inapokoma, someni kipimo kwenye tepu, kisha muulize kuna nini hapo hapo.

Kilichokuwa hapo ni sakafu iliyotengenezwa na jembe. Ploti hiyo imelimwa kwa jembe la mkono kwa kina kile kile kwa miaka mingi, mara nyingi udongo ukiwa umelowa, huku watu wakikanyaga hapo hapo wanapolima. Ncha ya jembe hupiga na kubana udongo ulio chini yake. Udongo wetu wa vilimani una mchanga mwingi upande wa juu, na aina hiyo hubanika upesi. Maji ya mvua hushuka mpaka kwenye sakafu hiyo, yanajaa juu yake, kisha yanatiririka kufuata mteremko au yanakauka kwa jua.

Hapa lazima nitoe tahadhari. Udongo wetu mwingi hukauka ukawa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, hata mahali pasipo na sakafu ya jembe. Ukichoma msumari kwenye ukuta mkavu mwezi wa Septemba, utasema kila tabaka limebanika. Kwa hiyo tulifanya hivi: tuliumwagia ukuta maji polepole jioni, tukaufunika kwa gunia, tukarudi kesho yake asubuhi. Tulichoma msumari wa inchi 4 kwa kidole gumba kila baada ya sentimita 5 kuteremka. Kwenye udongo wa juu uliingia wote bila shida. Kwenye 20 na 25 uligoma. Kwenye 30, ndani ya mfinyanzi, ukaingia tena zaidi ya nusu. Tabaka linalogoma likiwa limelowa, huku la juu na la chini yake yakikubali, limebanika kweli.

Mfinyanzi wenyewe nao tuuelewe, maana watu wengi huuogopa wanapouona chini ya udongo wa juu. Katika udongo wa aina hii, maji ya mvua yamekuwa yakishusha chembe laini kutoka juu kwa muda mrefu sana na kuziweka kwenye nyuso za vile vipande vyenye pembe. Huo ndio mng'ao mnaouona. Kujua ni mfinyanzi kiasi gani, picha haitoshi, lazima mkono uingie. Chukua konzi, ulowanishe, uukande kama unga wa chapati, kisha usukume utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Udongo wa juu wa ploti hii ulikatika kabla ya kufika sentimita 2. Mfinyanzi ulifika 6 kabla ya kukatika. Utepe unaopita 5 unaonyesha mfinyanzi mwingi.

Je, mfinyanzi huo unazuia maji? Picha inatoa dalili moja kubwa. Udongo unaokaa na maji kwa wiki nyingi hupoteza wekundu wake. Unakuwa na madoa ya kijivu kama majivu, yakichanganyika na madoa ya kutu. Katika picha hii, kuanzia 26 mpaka chini hakuna doa hata moja la kijivu. Wekundu ni ule ule kila mahali. Maana yake hewa inafika na maji yanapita. Angalieni pia upande wa kulia wa picha, kwenye kina cha 40: kuna tundu la mchwa la zamani, nene kama penseli, na ndani yake mzizi mweupe unashuka wima. Huo haukuwa mzizi wa sukuma wiki. Ni wa mpera ulioko mita 3 kutoka shimoni. Umepita kwenye mfinyanzi, ukapita kati ya mawe, ukaingia kwenye mwamba uliooza. Tusingeweza kupata shahidi bora kuliko huyo. Mawe yale hayafungi njia.

Basi mawe yalifikaje huko, tena kwa mstari ulionyooka hivyo? Eneo letu kubwa liko juu ya mwamba wa kale sana wenye mishipa ya mawe meupe magumu. Mwamba unapooza, mishipa hiyo haiozi, inavunjika vipande tu. Mchwa hubeba juu chembe ndogo zinazoingia mdomoni mwao, wakiacha mawe chini, na baada ya karne nyingi mawe hujikusanya kama mkeka. Mahali pengine mstari huo ulikuwa uso wa ardhi wa zamani, udongo laini ukasombwa na mawe yakabaki, kisha udongo mwingine ukaja kufunika. Kwa picha moja huwezi kuamua ni ipi kati ya hizo. Kwa mkulima wa bustani, swali la maana ni jingine: kati ya mawe mna nini? Kukiwa na udongo, mizizi hupita. Kukiwa mawe yameshikana kwa kitu chekundu kama saruji, kile tunachochimba kuwa maramu, hiyo ni sakafu halisi, na mti utasimama hapo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo iliyomshawishi mwenye ploti. Mvua ya milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita mraba. Udongo wa juu kama wake, kwa kukadiria, huhifadhi zaidi kidogo ya lita 1 ya maji yanayoweza kunywewa na mmea katika kila sentimita ya kina. Sentimita 17 zinahifadhi kama lita 20 kwa mita mraba, yaani debe moja. Sukuma wiki iliyokomaa, siku ya jua kali, hunywa takriban lita 5 kwa mita mraba. Debe moja linaisha siku ya nne. Ndiyo siku zile zile alizotuambia kabla hatujashika tepu.

Mizizi ikiweza kufika sentimita 40, inapata debe moja na nusu zaidi kutoka kwenye tabaka la chini. Jumla inakuwa madebe mawili na nusu, na mboga zinafika siku kumi. Kwa mvua zetu zinazokatika katikati ya msimu, siku hizo sita ndizo zinazoamua kama utavuna au utalisha ng'ombe. Sasa pimeni ile shauri ya lori mbili za udongo mwekundu. Zingemwekea mfinyanzi juu ya udongo wake mzuri, sakafu ya jembe ikabaki pale pale chini, na mvua ya kwanza ingeufunga uso wa bustani kwa ukoko mgumu.

Alichofanya badala yake ni hiki. Alisubiri mpaka mvua ya kwanza ilowanishe udongo, kisha ukapungua unyevu kiasi kwamba ukiukanda donge na kulidondosha linavunjika, halinati. Akapima tuta la upana wa mita 1, mahali anapoweza kufika katikati bila kukanyaga. Alitoa udongo wa juu wa sentimita 17 kwenye mkato wa kwanza, wenye upana wa jembe mbili, akauweka kando juu ya gunia. Kisha, kwa jembe la meno, lile tunaloliita fokojembe, akavunja tabaka lililofuata kwa kina cha sentimita 15 hivi. Alilivunja na kuliachia hapo hapo. Hakulipindua wala kulileta juu. Akanyunyizia samadi iliyoiva kwenye nyufa, akavuta udongo wa juu wa mkato wa pili kufunika wa kwanza, akaendelea hivyo mpaka mwisho. Ule wa kwenye gunia ukafunika mkato wa mwisho. Samadi yote, ya chini na ya juu, ilikuwa kama debe moja kwa mita mraba.

Aliacha tuta moja la jirani bila kuvunjwa, akapanda mbegu ile ile siku ile ile. Mwisho wa msimu tulichimba vishimo viwili vidogo vya kina cha sentimita 50, tukapiga picha tena. Kwenye tuta ambalo halikuvunjwa mizizi ilipinda kwenye 17 kama zamani. Kwenye lile lililovunjwa ilishuka mpaka 38, mingi ikipitia nyufa zenye samadi. Hiyo ndiyo njia ya kujua kama kazi yako imefaa: rudi kwenye ukuta, usitegemee majani peke yake.

Kuhusu miparachichi, picha ilionya jambo tofauti. Ukichimba shimo lenye kuta laini ndani ya mfinyanzi na kulijaza udongo laini na samadi, umetengeneza chungu. Maji yanaingia upesi kuliko yanavyotoka, na mizizi ya mparachichi huoza ikikosa hewa. Kwa hiyo tulijaza shimo maji mara ya kwanza, tukayaacha yaishe, tukalijaza tena sentimita 30 na kupima. Yalishuka sentimita 4 kwa saa. Yangeshuka chini ya sentimita 1 kwa saa, tungemwambia apande juu ya kilima kidogo cha udongo au atafute mahali pengine. Alishauriwa pia akwaruze kuta za shimo kwa ncha ya panga, kwa sababu beleshi hupaka mfinyanzi uliolowa na kuacha ukuta ulioziba.

Hapo ndipo panapoingia ushauri wangu kuhusu picha yenyewe, maana beleshi hilo hilo linaweza kukudanganya. Uso uliopakwa na beleshi unang'aa kila mahali, ukadhani ni mfinyanzi. Kabla ya kupiga picha, bandua ukuta kwa ncha ya kisu, kuanzia juu kushuka chini, ili udongo wa juu usipake rangi tabaka za chini. Bandua nusu ya kushoto tu na uache ya kulia kama ilivyo, ndipo utaona tofauti. Upana wa shimo uwe sentimita 60 kwa mita 1, na ukuta utakaopigwa picha ulindwe: usirundike udongo juu yake wala kukanyaga ukingo wake.

Piga picha ukuta wote ukiwa kivulini au wakati wa mawingu. Mstari wa kivuli unaonekana kama tabaka jingine, na wengi wamelisoma hivyo. Weka karatasi nyeupe karibu na tepu. Simu hurekebisha rangi yenyewe, hivyo udongo mwekundu unaweza kutoka kahawia. Karatasi ikionekana ya manjano au ya samawati, jueni rangi ya udongo nayo imehama. Shika simu usawa wa katikati ya ukuta. Ukipiga kutoka juu, sentimita 20 za chini zinaonekana kama 10. Kisha piga picha za karibu za kila mahali mizizi inapobadilika. Mkimaliza, fukieni shimo siku hiyo hiyo au mlifunike kwa mbao, kwa sababu watoto na mifugo hawasomi alama.

Mahali pa kuchimba pia pana maneno yake. Katika ploti za mjini, mara nyingi utakuta udongo mwekundu uko juu na wa kahawia iliyokoza uko chini yake, pamoja na vipande vya matofali au mifuko ya nailoni. Hiyo si kazi ya maumbile. Ni udongo wa msingi wa nyumba uliotupwa bustanini, na udongo wako wa juu wa kweli uko chini ukiwa umezikwa. Chimba vishimo viwili vitatu kabla ya kuamini kimoja. Na kwa walio upande wa Athi River, kwenye udongo mweusi wa pamba, hesabu hii haihamishiki: udongo huo unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mipasuko yake hukata mizizi. Huko ukuta una lugha yake.

Picha haitawaambia kama udongo una chumvi, una asidi au umepungukiwa na fosfori. Kwa hayo, chukueni sampuli kutoka udongo wa juu sehemu mbalimbali za bustani, mchanganye, mpeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi ili afikishe maabara. Lakini maabara nayo haitawaambia mizizi inapinda wapi. Kwa hilo mnahitaji shimo, tepu, kisu, na ukuta uliobanduliwa vizuri. Wenye picha zenu wenyewe kwenye simu, njooni mezani tuzitazame moja baada ya nyingine.